Picha tano bila neno hata moja: ujibu nini?

*"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni dada wa miaka 31. Kwenye programu ya kutafuta wachumba nimechaguana na kaka mmoja aliyeweka picha tano na hakuandika neno hata moja kujihusu. Ya kwanza ni uso wake kando ya dirisha, ya pili yuko na wenzake watatu, ya tatu anatengeneza baiskeli, ya nne amekaa ufukweni, na ya tano amejipiga kwenye kioo. Jana ameniandikia 'Habari'. Kila nikitaka kumjibu naishia kuandika 'Nzuri, na wewe?' kisha nafuta. Nimjibu nini?"*

Dada, jibu lako limo ndani ya picha ya tatu, na nitakueleza kwa nini ni hiyo wala si ile ya dirishani. Lakini kabla hujaandika lolote, fungua tena wasifu wake na uhakikishe kwamba kweli hauna maneno. Nasema hivi kwa sababu watu wengi walioniletea swali kama lako walikuwa wameishia kwenye picha bila kushuka chini yake. Programu nyingi huonyesha picha kwanza, na ukigusa jina la mtu au ukiteremsha ukurasa ndipo unapokuta vijisanduku vidogo alivyojaza kwa kuchagua tu: urefu wake, lugha anazozungumza, kama anavuta sigara, kama ana watoto, na aina ya uhusiano anaotafuta. Mtu anaweza kuwa ameacha sehemu ya maelezo wazi kabisa lakini akawa amejaza vijisanduku vinne, na kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa na uzito kuliko aya nzima.

Ukishashuka hadi mwisho na usikute kitu, usiharakishe kuupa ukimya huo maana. Uzito wa nafasi iliyoachwa wazi hutegemea programu yenyewe. Kwenye Tinder, sehemu ya maelezo ni ya hiari na mtu anaweza kuandika hadi herufi 500 au asiandike chochote. Kwenye Hinge, mtumiaji hutakiwa kujibu maswali matatu mafupi ili wasifu wake ukamilike. Kwa hiyo wasifu usio na neno kwenye programu ya aina ya kwanza ni jambo la kawaida kabisa. Wapo wanaofungua akaunti usiku mmoja wakiwa wamechoka na kusema wataandika kesho, wapo wasiojua kujieleza na wanaoona aibu kujisifu, wapo wanaoogopa kutambuliwa na wafanyakazi wenzao, na wapo waliofunguliwa akaunti na rafiki aliyewachagulia hata hizo picha. Wapo pia matapeli ambao hawaandiki kwa sababu maneno huacha nyayo, nami nitawafikia. Kwa kuangalia tu huwezi kujua huyu wako ni yupi kati ya hao, na ndiyo maana sikushauri uanze kwa kumuuliza kwa nini hakuandika. Swali hilo, hata likisemwa kwa upole, humfanya mtu ajitetee kabla hamjafahamiana, na jibu lake huwa ni "sijui tu" au "mimi si mtu wa maneno mengi", kisha mazungumzo yanaanza yakiwa tayari yamepoa.

Sasa tuitazame hiyo "Habari" yake. Neno hilo moja ni hodi. Ukijibu "Nzuri, na wewe?" umeitikia hodi kwa hodi, na nyote wawili mmebaki nje ya mlango, kila mmoja akimsubiri mwenzake afungue. Yeye atasema "Nzuri pia", wewe utasema "Haya", na hapo hakuna aliyekosea lakini hakuna aliyeingia. Vidole vyako vinafuta sentensi hiyo kwa sababu unahisi kwamba haina pa kwenda, na kwa hilo umehisi sawasawa. Anayekaribisha ndiye anayefungua mlango, na katika hali yako kukaribisha huko ni kuzungumzia kitu kimoja alichokuonyesha yeye mwenyewe kwa hiari yake.

Picha za kwenye wasifu hazina uzito sawa, na hili ndilo ningependa ulishike vizuri kabla ya mengine. Picha ya uso humwambia mtazamaji jinsi mtu anavyofanana, basi. Ukiizungumzia utalazimika kusifu, kwa sababu hakuna kingine cha kusema juu yake, na sifa huzaa "asante", na baada ya "asante" mtu hana la kuongeza. Hali kadhalika ile ya kioo. Picha ya kundi humwonyesha mtu akiwa na watu wake, lakini ndani yake wamo wengine watatu ambao hawajui kwamba unawatazama, na swali lake la kawaida, lile la "wewe ni yupi hapo?", ameshaulizwa na kila mtu, isitoshe jibu unalo, kwa kuwa unao uso wake katika picha ya kwanza. Picha ya ufukweni huwa ni picha ya siku ya mapumziko, na siku za mapumziko za watu wengi hufanana. Ile ya baiskeli peke yake ndiyo inayomwonyesha akiwa anafanya jambo: lina mwanzo, lina sababu, lina mwisho, na yeye ndiye anayelijua. Ukiuliza juu ya jambo lenye kisa, unampa mtu nafasi ya kusimulia, na kusimulia ni kazi nyepesi zaidi kuliko kujieleza. Mtu aliyeshindwa kuandika sentensi moja kujibu "mimi ni nani" anaweza kabisa kuandika sentensi tano kujibu "ilikuwaje siku ile".

Hata hivyo kuna shimo hapa, na wengi huanguka humo. Niliwahi kumsaidia kijana mmoja aliyechaguana na dada mwenye wasifu wa namna hii hii. Katika picha moja dada huyo alikuwa ameshika gitaa. Kijana wangu, kwa furaha ya kupata pa kuanzia, akamwandikia kwamba anaona yeye ni mwanamuziki, akamtajia aina za muziki anazopenda yeye, na akamwambia angefurahi kumsikiliza akipiga siku moja. Dada yule alijibu kwa kifupi kwamba gitaa ni la rafiki yake na yeye hajui kupiga, na tangu hapo hakuandika tena. Kijana alidhani amekataliwa kwa sababu ya sura. Mimi niliposoma ujumbe ule niliona jambo jingine: alikuwa amemjengea mtu wasifu ambao mwenyewe hakuuandika, na kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa kuubomoa. Anayelazimika kusema "hapana, mimi si huyo" katika ujumbe wake wa kwanza hujiona kama amekamatwa akidanganya, ilhali hakudanganya, aliweka picha tu. Picha hukuonyesha dakika moja ya siku moja, na mazoea ya mtu hayaonekani humo. Kwa hiyo taja ulichokiona, uliza usichokiona, na usikate shauri juu ya tabia yake kwa niaba yake.

Basi ifungue hiyo picha ya tatu na uikuze kwa vidole viwili. Angalia baiskeli imekaaje. Kama imegeuzwa, imesimama kwa tandiko na usukani huku magurudumu yako juu, huo ndio mkao wa mtu anayeitengenezea nyumbani au njiani bila stendi. Angalia kama gurudumu limetolewa, kama kuna mpira wa ndani umening'inia, au kama kando ya mguu wake kuna beseni la maji. Beseni hilo lina kazi maalumu: mpira uliotoboka hujazwa upepo na kuzamishwa majini, na pale panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Kama gurudumu liko mahali pake lakini vidole vyake vina weusi wa grisi, huenda alikuwa akihangaika na mnyororo. Kama nguo zake ni safi kabisa na spana iko mkononi kama kalamu, huenda baiskeli si yake na mwenye kuitengeneza ndiye aliyeshika simu kumpiga picha. Hilo nalo si kosa, lakini litakufanya uulize kwa namna nyingine. Unaona jinsi dakika mbili za kutazama zinavyoweza kukupa swali ambalo halifai kuulizwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye? Hicho ndicho kipimo ninachotumia kila ninaposoma ujumbe wa kwanza wa mtu: ningeweza kuunakili na kuwatumia watu wengine watano bila kubadili neno? Nikiweza, ujumbe huo haujaandikwa bado.

Tuseme umeliona beseni. Ningekuandikia hivi:

"Nzuri, asante. Ile picha yako ya baiskeli imenisimamisha kidogo: hilo beseni la maji ni la kutafutia pancha, au ulikuwa unafanya kitu kingine? Mimi niliwahi kuisukuma yangu kwa miguu hadi nyumbani kwa sababu sikujua pa kuanzia."

Nikueleze kwa nini ujumbe huo umekaa hivyo. Neno "Nzuri, asante" linaitikia salamu yake, kwa sababu kuiruka salamu ya mtu si adabu, lakini linapita upesi. Kitu chenyewe, yaani baiskeli, kimekuja mapema, na hili lina sababu ya kiufundi: simu huonyesha mwanzo tu wa ujumbe kwenye arifa, na mtu huamua kwa maneno hayo machache kama atafungua sasa au baadaye. Ukianza na utangulizi mrefu wa jinsi ulivyosita kuandika, arifa itaonyesha kusita kwako na itaificha baiskeli. Kisha swali ni moja, na linajibika kwa neno moja au kwa kisa kizima, apendavyo yeye; mtu aliye kwenye foleni anaweza kusema "pancha", na aliyetulia nyumbani anaweza kusimulia. Mwisho kuna jambo dogo linalokuhusu wewe. Hilo usiliache, maana swali tupu kutoka kwa mtu asiyefahamika hufanana na mahojiano, na yeye pia anahitaji mahali pa kukushika. Lakini jambo hilo liwe la kweli. Kama hujawahi kumiliki baiskeli, andika kwamba hujawahi hata kujifunza kuiendesha, na hiyo itamfaa vilevile, pengine zaidi, kwa sababu atakuwa na la kukuuliza.

Kama hukuona beseni wala grisi, na una shaka kama baiskeli ni yake, swali libadilike liwe: "Hapo kwenye baiskeli, wewe ndiye fundi au ulikuwa unasaidia?" Sentensi hiyo inampa njia mbili za heshima. Akiwa fundi atasema, na akiwa alisimama tu kwa ajili ya picha atasema hivyo bila kuona aibu, kwa sababu wewe mwenyewe umeshamwachia mlango huo wazi.

Kuna vitu vinavyoonekana kwenye picha ambavyo ni bora uvione na ukae kimya. Wakati mwingine nyuma ya mtu kuna kibao cha jengo, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, namba ya gari inasomeka, au sare ya shule ya mtoto ina jina. Mtu akiambiwa katika ujumbe wa kwanza kwamba tayari unajua anapofanyia kazi, hata kama ni yeye aliyekionyesha kitambulisho hicho bila kukusudia, hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Vivyo hivyo mtoto akiwemo pichani, usiseme "mwanao mzuri" wala usiulize ni wa nani. Swali la watoto lina wakati wake, nami nitalifikia.

Sasa niwarudie matapeli, kwa kuwa wasifu wenye picha peke yake ni nyumba wanayoipenda. Uzuri ni kwamba swali lile lile la baiskeli linafanya kazi ya pili bila wewe kuonekana unamchunguza. Mwenye picha anaikumbuka siku ya picha. Hata akiwa amesahau mengi, atajua kama ile ilikuwa pancha au mnyororo, atajua baiskeli ni ya nani, na atajua aliyempiga picha. Aliyeokota picha za mtu mwingine hana siku hiyo kichwani, kwa hiyo atalizunguka swali: atasema "wewe ni mrembo sana", au atakuuliza unafanya kazi gani, au atasema picha ni ya zamani na kuharakisha kuhamisha mazungumzo kwenye programu nyingine ya ujumbe. Jibu moja la kukwepa halitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu wapo watu wa kweli wasiosoma vizuri wanachoandikiwa. Lakini ukiuliza juu ya picha mbili tofauti, kwa siku tofauti, na mara zote mbili akapita kando, hapo una sababu ya kusimama.

Zitazame pia picha zenyewe zikiwa pamoja. Picha za mtu wa kawaida hutofautiana: moja ina mwanga mzuri, nyingine ina ukungu kwenye pembe, nywele zimekatwa hapa na zimeota pale. Picha tano zote zikiwa zimepigwa kwa ustadi mmoja, za mtu mmoja mwenye nguo za siku moja, au zikiwa zimekatwa pembeni kwa namna inayoonyesha kwamba kulikuwa na maandishi, ni vyema uzitafute mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Google Lens hufanya kazi hiyo, na TinEye pia. Unapiga picha ya skrini, unakata sehemu za programu zinazozunguka ili ibaki picha peke yake, kisha unaipakia. Ikitokea chini ya jina jingine kabisa, umeokoa muda wako. Isipotokea, elewa mipaka ya kipimo hicho: huduma hizi huona tu picha zilizowekwa wazi mtandaoni, kwa hiyo picha iliyoibwa kutoka kwenye akaunti iliyofungwa haitaonekana. Alama ya uthibitisho inayotolewa na programu nayo husaidia, kwani kwa kawaida humaanisha mtu alijipiga picha au video mbele ya kamera na ikalinganishwa na picha zake, lakini haisemi lolote kuhusu nia yake. Na ukiwa unatafuta, tafuta jambo moja tu, kwamba picha ni zake. Ukianza kuchimbua ndugu zake na kazi zake za zamani, utaingia kwenye mazungumzo ukiwa na mambo ambayo hakukuambia, na siku moja yatakuponyoka.

Tuseme amejibu. Majibu yanayokuja kwa ujumbe wa aina hii ni ya namna mbili. Kuna la kisa, kwa mfano: "Haha, ilikuwa pancha ya tatu wiki hiyo, mwishowe nikagundua kuna kijiwaya kimebaki ndani ya tairi." Hili halina taabu, fuata uzi anaokupa, uliza alikigunduaje hicho kijiwaya, na usirukie picha nyingine kana kwamba unamaliza orodha. Namna ya pili ni jibu fupi: "Ndiyo, pancha." Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Mtu ambaye hakuandika neno kwenye wasifu wake ana uwezekano mkubwa wa kuanza kwa ufupi, na ufupi wake katika jibu la kwanza hauna maana ya kutopenda. Mpe ujumbe mmoja zaidi unaotoka kwenye kitu na kuelekea kwa mtu: "Ulijifunza mwenyewe au kuna aliyekufundisha?" Swali hilo ni dogo, lakini linapita kwenye baiskeli na kufika kwenye nyumba yao, kwa baba yake au kaka yake au jirani, na mara nyingi ndipo ulimi unapofunguka. Kama baada ya hapo majibu bado ni ya neno moja na yeye hakuulizi chochote kwa siku mbili au tatu, hilo ndilo jibu lenyewe, na huna haja ya kuendelea kulima peke yako.

Mazungumzo yakishika, kuna deni ambalo halitajilipa lenyewe, na naliona likisahaulika kila mara. Mtu anapoandika maelezo kwenye wasifu, kwa kawaida hukupa mambo matatu bila wewe kuuliza: anatafuta nini, yuko katika hali gani ya maisha, na yuko umbali gani. Kwa wasifu usio na maneno hayo yote hayapo, na picha nzuri pamoja na kisa cha pancha vinaweza kukufanya ujione unamfahamu kumbe hujui kama ana mke. Nimekutana na watu walioandikiana mwezi mzima kuhusu vyakula na safari, na siku ya kuonana ndipo mmoja akajua kwamba mwenzake hataki uhusiano wa kudumu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo, mkishabadilishana ujumbe kwa siku mbili au tatu, na kabla hamjapanga kuonana, uliza, na uanze kwa kujieleza wewe. Kwa mfano: "Niseme wazi upande wangu, mimi nimekuja humu nikitafuta uhusiano wa kuelekea ndoa, na sijawahi kuolewa. Wewe unatafuta nini?" Ukitanguliza yako, swali linakuwa kubadilishana na si upekuzi, na umemwonyesha kiasi cha uwazi unachotarajia. Uliza jambo moja kwa mara moja. Nia kwanza, kwa sababu majibu mengine yote hayana maana kama nia hazilingani; kisha hali yake, yaani kama yuko na mtu, kama ametengana, kama ana watoto; umbali mara nyingi programu huuonyesha yenyewe. Hapa pia ndipo unapoweza kuligusa lile jambo la maelezo kwa ulaini, kwa kusema: "Kwa kuwa hukuandika, nakuuliza mwenyewe." Maneno yaliyokuwa kama lawama siku ya kwanza, siku ya tatu huwa ni sababu halali ya kuuliza.

Sikiliza jinsi anavyojibu. "Tuone mambo yatakavyokwenda" ni jibu halali kwa mtu ambaye kweli hajui, lakini kwako wewe unayejua unachotaka, lichukulie kama lilivyo na usilitafsiri kuwa "ndiyo" iliyojificha. Akikasirika kwa kuulizwa kama ana mtu, hasira hiyo imeshakueleza zaidi ya wasifu.

Kisha, kabla ya kukutana, ombeni simu fupi ya video, dakika kumi zinatosha. Sema tu kwamba wewe hupenda kuona uso na kusikia sauti ya mtu kabla ya kupanga miadi. Kwa wasifu wenye maandishi mengi ningeiita ni hiari. Kwa wasifu wa picha peke yake mimi naiona ni ya lazima, kwa sababu mpaka hapo kila unachokijua juu yake kimetokana na picha tano na maneno uliyoyachota mwenyewe. Anayekataa mara moja kwa sababu ya mtandao dhaifu anaweza kuwa anasema kweli. Anayekataa mara tatu kwa sababu tatu tofauti, usikutane naye, na usimtumie pesa kwa shida yoyote atakayokuja nayo, hata iwe ndogo kiasi gani.

Na kama hatajibu kabisa ujumbe wako wa baiskeli? Subiri siku mbili au tatu, kwa kuwa watu wengine hawafungui programu hizi kila siku. Baada ya hapo unaweza kuandika mara moja tu, kifupi, kwa picha nyingine, bila kumuuliza kwa nini hakujibu. Ile ya ufukweni itafaa kwa hilo: "Na huko ufukweni, uliogelea au ulikaa tu kama kwenye picha?" Isipojibiwa hiyo, acha.

Kwa leo andika ule wa kwanza tu. Ikuze picha, tafuta beseni, mnyororo au grisi kwenye vidole, chagua kimoja, andika sentensi zako tatu na uzitume kabla ya kulala. Salamu yake ni ya jana, na ukiiweka hadi wiki ijayo itabidi uanze kwa kueleza ulikuwa wapi.